Yai Lako Limekula Kilo Ngapi?

Muulize mfugaji wa kuku wa mayai biashara inaendaje, naye atakujibu kwa trei. Leo nimeokota trei saba na nusu, trei naiuza elfu tisa, hesabu mwenyewe. Ukimuuliza kila yai katika hizo trei limekula chakula cha shilingi ngapi, majibu yanakuwa mafupi. Wengi watakutajia bei ya mfuko, na bei ya mfuko haisemi lolote kuhusu yai mpaka ujue mfuko huo umetoa mayai mangapi.

Kwenye ufugaji wa kuku wa mayai, chakula huchukua sehemu kubwa ya gharama, kwa kawaida asilimia 60 hadi 70. Asiyejua gharama ya chakula kwa yai basi hajui faida yake, hata kama anaandika kila senti aliyouzia. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha, kutoa na kugawanya tu. Ugumu uko kwenye kujua ni namba zipi zinaingia na zipi hazipaswi kuingia.

Tuchukue mfugaji wa Kibaha aliyenunua vifaranga 320 wa kuku wa kisasa wa mayai. Vifaranga 20 walikufa njiani kuelekea utu uzima, 300 wakaanza kutaga, na leo banda lina kuku 285. Chakula cha kutagia ananunua mfuko wa kilo 50 kwa Sh 70,000, yaani kilo moja Sh 1,400. Trei ya mayai 30 anaiuza Sh 9,000, kwa hiyo yai ni Sh 300. Hizi ni bei za mfano. Anayesoma akiwa Singida au Mombasa aweke za kwake, njia ni ileile.

Anaanza na stoo. Jumatatu asubuhi, kabla ya kulisha, ana mifuko minne mizima na mmoja uliobaki nusu: kilo 225. Katikati ya wiki ananunua mifuko mitano, kilo 250. Jumatatu inayofuata, saa ileile, anapima kilichobaki na kukuta kilo 245. Kilichoingia bandani kwa siku saba ni 225 kujumlisha 250 kutoa 245, yaani kilo 230. Hapa ndipo wengi hukosea hatua ya kwanza kabisa, kwa sababu huandika mifuko waliyonunua badala ya chakula kilicholiwa. Kwa hesabu ya manunuzi, wiki hii ataonekana amepata faida ndogo na wiki ijayo, akinunua mifuko minne, ataonekana amepata faida nono, ilhali kuku wamekula kiasi kilekile. Na mfuko wenyewe upimwe. Si kila mfuko ulioandikwa kilo 50 una kilo 50, hasa ule ulioshonwa upya.

Kilo 230 gawanya kwa kuku 285, gawanya tena kwa siku saba, unapata gramu 115 kwa kuku kwa siku. Hiyo ni namba ya kupumulia: kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 hivi. Angegawanya kwa kuku 300 alioanza nao, angepata gramu 110 na kudhani kila kitu kiko sawa hata kama hakiko. Kuku aliyekufa hali chakula, kwa hiyo kila siku mfugaji agawanye kwa kuku walio hai siku hiyo.

Sasa mayai. Wiki hiyo ameokota mayai 1,596. Kuku 285 kwa siku saba wangetaga 1,995 kama kila mmoja angetaga kila siku, kwa hiyo utagaji wake ni asilimia 80. Chakula cha kilo 230 kwa Sh 1,400 ni Sh 322,000. Gawanya kwa mayai 1,596: kila yai lililookotwa limekula Sh 202.

Lakini hakuna anayelipwa kwa yai lililookotwa. Katika hayo 1,596, mayai 26 yalipasuka, na mengine 40 yaliingia jikoni au yakaenda kwa jirani na shemeji. Yaliyouzwa ni 1,530, trei 51 kamili. Chakula kilichotengeneza yai la shemeji kimelipwa na mayai yaliyouzwa, kwa hiyo Sh 322,000 igawanywe kwa 1,530, nayo ni Sh 210. Simshauri mtu asile mayai ya kuku wake. Ninachosema ni kwamba yaandikwe, la sivyo mwisho wa mwezi unabaki unamtazama kijana wa banda kwa jicho baya.

Kuna namba nyingine inayotoka hapohapo, na kwa maoni yangu ndiyo yenye manufaa kuliko zote: kilo za chakula kwa trei moja. Kilo 230 zimetoa trei 53 na mayai sita. Kila trei imekula kilo 4.3. Uzuri wa namba hii ni kwamba haina shilingi ndani yake. Mahindi yakipanda bei, gharama kwa yai itapanda hata kama kuku wako wanafanya kazi kama jana. Kilo kwa trei zitabaki palepale. Kilo kwa trei zikipanda, tatizo liko ndani ya banda au stoo, si sokoni. Kuku walio kileleni, wanaotaga asilimia 90, hutumia kama kilo 3.8 kwa trei. Wakishuka hadi asilimia 60 huku wakila kiasi kilekile, trei inameza kilo 5.75, na chakula peke yake kinafika Sh 268 kwa yai linalouzwa Sh 300.

Turudi kwa mfugaji wetu. Ameuza mayai kwa Sh 459,000 na kuku wamekula Sh 322,000. Mkononi kuna Sh 137,000 kwa wiki, na hapo ndipo wafugaji wengi hufunga daftari. Hawajakumbuka chakula kilicholiwa kabla ya yai la kwanza.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na mpaka hapo amekula kati ya kilo saba na nane bila kurudisha chochote. Tuseme kilo nane. Kwa kuku 300 ni kilo 2,400, na tukichukua wastani wa Sh 1,400 kwa chakula cha vifaranga na cha kukuzia, hiyo ni Sh 3,360,000. Vifaranga 320 kwa Sh 3,000 ni Sh 960,000. Chanjo za mdondo, Gumboro na ndui, dawa, mkaa wa kupasha joto na maranda, tuseme Sh 480,000. Jumla ni Sh 4,800,000, yaani kila kuku aliyefika kutaga amegharimu Sh 16,000, na kati ya hizo zaidi ya Sh 11,000 ni chakula. Vifaranga 20 waliokufa hawana mstari wao kwenye daftari. Gharama yao imeingia ndani ya hao 300.

Fedha hiyo hailipwi na wiki moja wala mwezi mmoja. Inalipwa na mayai yote ambayo kundi litataga mpaka litakapouzwa. Mfugaji huyu anatarajia wastani wa mayai 280 kwa kila kuku aliyeanza naye, kwa mwaka mmoja wa kutaga: mayai 84,000. Mwishoni atauza kuku 270 waliobaki kwa Sh 10,000, apate Sh 2,700,000. Kwa hiyo gharama halisi ya kulea ni 4,800,000 kutoa 2,700,000, yaani Sh 2,100,000, nayo ikigawanywa kwa mayai 84,000 inakuwa Sh 25 kwa yai. Ni kiasi kidogo kukitazama, lakini ndicho kitakachonunua vifaranga wanaofuata. Mfugaji anayekula zile Sh 137,000 zote kila wiki atafika mwisho wa kundi akiwa na banda, vyombo, na deni la kuanzia upya. Nafikiri hii ndiyo sababu kubwa ya mabanda mengi mazuri kubaki matupu baada ya kundi la kwanza, kuliko hata magonjwa.

Baki gharama za kila wiki: mshahara wa kijana, umeme na maji, maranda, vitamini, trei za karatasi, nauli ya bodaboda kupeleka mzigo. Tuseme Sh 50,000, ambazo kwa mayai 1,530 ni Sh 33 kwa yai. Sasa yai la Sh 300 linatoa 210 ya chakula, 25 ya kulea na 33 ya mengineyo. Inabaki Sh 32. Kwa wiki ni kama Sh 49,000, na mifuko michache ya mbolea anayouza kwa wakulima wa mboga inaongeza kidogo juu yake. Wakati fulani mbolea huwa tofauti kati ya wiki nzuri na wiki mbaya, na haifai kuichukulia kama fedha ya soda.

Ukishaona kwamba faida ni Sh 32 kwa yai, unaanza kuangalia chakula kinachomwagika kwa jicho jingine. Asilimia tano ya kilo 230 ni kilo 11 na nusu, yaani Sh 16,100 kwa wiki, theluthi ya faida yote. Asilimia tano si kitu cha ajabu kupotea. Kuku ana tabia ya kuchambua chakula kwa mdomo na kukirusha nje, hasa chombo kikiwa kimejazwa hadi ukingoni au kikiwa kimewekwa chini sana. Chombo kijazwe theluthi moja, kulisha kuwe mara mbili au tatu kwa siku, na ukingo wake uwe usawa wa mgongo wa kuku aliyesimama. Anayetaka kujua anapoteza kiasi gani atandaze turubai safi chini ya vyombo viwili kwa siku moja, achekeche kilichoanguka, akipime, kisha azidishe kwa idadi ya vyombo. Upande wa stoo, panya hawana haja ya turubai: kinyesi chao juu ya mifuko na matundu kwenye pembe vinatosha. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kilo kwa trei zinapopanda, daftari lenye namba mbili, gramu kwa kuku na asilimia ya utagaji, huonyesha pa kuanzia kutafuta. Utagaji ukishuka ghafla pamoja na ulaji, tazama maji kwanza, kisha joto, kisha ugonjwa. Kuku hunywa maji takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na siku moja ya bomba kukauka inaweza kuonekana kwenye mayai kwa siku kadhaa. Joto la Dar es Salaam la Januari hadi Machi hufanya kuku wale kidogo kuliko kawaida, na huko dawa haisaidii. Husaidia kulisha alfajiri na jioni, na banda linalopitisha upepo. Utagaji ukishuka polepole wiki baada ya wiki huku ulaji ukiwa palepale, mara nyingi ni umri. Ulaji ukipanda huku mayai hayaongezeki, shuku umwagikaji, panya, au chakula kisicho na nguvu ambacho kuku wanajaribu kukifidia kwa kula zaidi. Kuna hali moja zaidi ambayo watu huona aibu kuitaja. Ulaji uko sawa, kuku wana upanga mwekundu, wamechangamka, lakini mayai yamepungua. Kagua kama kuna kuku wanaokula mayai, utaona maganda na ute kwenye viota. Usipoona dalili hizo, hesabu mayai mwenyewe kwa siku tatu bila kutangaza.

Hapo ndipo hadithi ya chakula rahisi inapoingia. Mfugaji wetu anaambiwa kwamba akichanganya mwenyewe, kwa mahindi yaliyoparazwa, pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi, kilo itamtoka Sh 1,200 badala ya 1,400. Anaokoa Sh 200 kwa kilo, anafurahi. Tuseme mchanganyiko wake ni dhaifu kidogo, kuku wakala gramu 125 badala ya 115, na utagaji ukashuka kutoka asilimia 80 hadi 72. Gramu 125 za Sh 1,200 ni Sh 150 kwa kuku kwa siku. Gawanya kwa 0.72, yai lililookotwa linakuwa Sh 208. Lile la chakula cha dukani lilikuwa Sh 202. Mfuko umeshuka bei kwa Sh 10,000, na yai limepanda kwa Sh 6. Isitoshe, ile Sh 1,200 mara nyingi haina nauli ya kufuata dagaa wala fedha ya mashine ya kuparaza na kuchanganya.

Sisemi kuchanganya mwenyewe ni vibaya. Wapo wanaofanya vizuri sana na kuokoa fedha ya kweli, hasa walio karibu na mahindi na alizeti. Tofauti huwa kwenye dagaa. Dagaa wengi wa sokoni hukaushwa chini, na ukinunua kilo 20 unaweza kuwa umenunua kilo kadhaa za mchanga. Tia konzi moja ya dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga utatua chini na utauona. Ukitaka kujua kama mchanganyiko wako unalipa, tenga banda kwa waya, nusu ya kuku wale chakula cha zamani na nusu kipya, uandike kilo na mayai ya kila upande kwa wiki nne. Wiki ya kwanza usiihesabu. Kiini cha yai huanza kukua kwa kasi siku kama kumi kabla ya yai kutagwa, kwa hiyo mayai ya siku za mwanzo bado ni kazi ya chakula cha jana.

Kwa kuku wa nyama hesabu ni fupi zaidi, kwa kuwa hakuna yai la kugawanyia. Chakula chote kilicholiwa tangu siku ya kwanza kigawanywe kwa kuku waliouzwa, si walionunuliwa. Broila 200 waliokula kilo 640 na kuuzwa 186 wamekula kilo 3.4 kila mmoja, kwa sababu wale 14 waliokufa nao walikula. Na kwa kuwa wateja wengi hununua broila kwa kichwa, bila mizani, kuku aliyefika uzito wa soko anakula hasara kila siku anayomsubiri mnunuzi. Akiwa na wiki tano anakula kama gramu 160 kwa siku, Sh 224. Kuku 186 wakisubiri siku nne, ni zaidi ya Sh 166,000 zimeliwa bila bei kupanda hata shilingi.

Kwa kuku wa mayai, swali linalofanana na hilo ni lini kundi linapaswa kuuzwa. Mfugaji wetu anajua kwamba kila kuku anamgharimu kwa siku Sh 161 za chakula (gramu 115 kwa Sh 1,400 kwa kilo) na Sh 25 za gharama nyingine za wiki, jumla Sh 186. Anajua pia kwamba katika kila mayai 100 anayookota, manne hayauziki au hayauzwi, kwa hiyo yai lililookotwa linamletea Sh 288. Sh 186 gawanya kwa 288 ni asilimia 65. Kwa kuku 285 hayo ni mayai 185 kwa siku, trei sita na mayai matano. Namba hiyo inafaa kuandikwa kwa chaki kwenye mlango wa banda, na kubadilishwa kila bei ya mfuko au ya trei inapobadilika. Mfuko ukipanda hadi Sh 80,000, chakula cha siku kinakuwa Sh 184, na chini ya asilimia 73 hakuna kazi inayofanyika.

Angalia kwamba zile Sh 25 za kulea hazimo kwenye hesabu hii, na hilo si kusahau. Fedha ya kulea imeshatoka, hairudi kwa kumweka kuku wala kwa kumuuza. Wanaoshikilia kuku wanaotaga asilimia 50 kwa hoja kwamba bado hawajarudisha gharama ya vifaranga wanaongeza hasara mpya juu ya ya zamani. Kitu pekee kinachoweza kuhalalisha kusubiri ni bei ya kuku mwenyewe. Kuku waliofikia asilimia 55 huingiza Sh 158 kwa siku kila mmoja na kugharimu Sh 186, hasara ya Sh 28. Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika Idi au Krismasi, hasara hiyo ni Sh 392 kwa kuku. Kama dalali wa kuku anatoa Sh 10,000 leo na sikukuu humpandisha hadi Sh 11,000, wiki mbili hizo zinalipa, ilimradi mteja awe wa uhakika na vifaranga wa kundi linalofuata wawe wameshaagizwa, maana tangu siku wanapoingia mpaka yai la kwanza ni miezi mitano ya kulisha bila kuokota.